Ujumbe wa Kufika Uliotangulia

Eliakunda Mgonja alikuwa na kipande cha mkate mkavu mdomoni pale spika ya kituo ilipotangaza kwamba jua limepisha.

Siku kumi na sita jua lilikuwa limekaa katikati, baina ya Mirihi na Dunia. Redio haipenyi kando ya jua; maneno yanaungua njiani, ndivyo mafundi wa mitambo walivyowaeleza abiria. Kampuni yenye akili haipangi kufikisha watu Mirihi katika siku hizo. Kampuni iliyowaleta ilipanga, kwa sababu chombo kilikuwa kimekaa bure na tiketi zilikuwa zimeshauzwa.

Abiria thelathini na mmoja waliacha chai zao zikielea na kuvutana kuelekea chumba cha mawasiliano. Kwenye kituo hiki kinachozunguka juu ya Mirihi hakuna uzito, kwa hiyo hakuna foleni. Kuna fungu la watu wanaokanyagana vichwa. Eliakunda alikuwa na miaka arobaini na saba, mabega ya fundi pampu, na hakuona aibu kuyatumia.

"Polepole, fundi!" alisema Swaumu Lipembe, afisa mawasiliano aliyesafiri nao, mwanamke mfupi wa Newala aliyejifunga mkanda kwenye kiti chake ili asielee. "Barua zenu zipo. Haziozi."

"Mimi nataka kutuma, sitaki kupokea. Nyumbani wananisubiri nifike."

Swaumu alimtazama, kisha akatazama kioo chake. "Mbona ujumbe wako wa kufika umeshakwenda? Jumamosi, saa kumi jioni, saa za nyumbani kwenu. Huu hapa."

Eliakunda aliusoma mara mbili.

*Mama mpendwa, nimefika salama Mirihi. Safari ilikuwa nzuri sana. Tumepokelewa vizuri na chakula ni kitamu. Msiwe na wasiwasi. Nawapenda wote. Eliakunda.*

"Nani kaandika uchafu huu?"

"Mtangulizi."

Hapo akakumbuka. Siku ya kupimwa damu, kabla ya safari, walipewa karatasi kumi na nne za kutia saini. Mojawapo ilihusu Mtangulizi, mtambo wa kampuni unaokaa Dunia, unaosikiliza sauti yako robo saa na kuandika ujumbe wako wa kufika kabla hujaondoka. Siku na saa ya kufika ikitimia, mtambo unautuma wenyewe. Kama jua liko katikati, unautuma vilevile. Familia hailali macho, kampuni haipigiwi simu. Eliakunda alitia saini bila kusoma, maana nyuma yake kulikuwa na watu na mbele yake kulikuwa na wali.

"Lakini hatujafika," alisema.

"Hatujafika," Swaumu alikubali.

Walikuwa kwenye kituo tangu Ijumaa ya wiki iliyopita. Chombo kikubwa, Nyumbu Tatu, kiliwafikisha hapo baada ya siku mia mbili na kumi na nne, na kesho yake walitakiwa kushuka kwa kile chombo kidogo ambacho abiria walikiita Sufuria, kwa umbo lake na kwa moto unaokilamba tumboni kikishuka. Lakini chini vumbi lilikuwa limefunika nusu ya sayari. Vumbi likipanda hivyo, hewa ya juu hupata joto na kuvimba, na hesabu za kushukia zinakosea. Asubuhi hiyo nahodha alisema watangoja siku kumi nyingine, labda kumi na mbili.

"Kwa hiyo Jumamosi," Eliakunda alisema, "kama tungeshuka tukaungua wote, Mama angepata habari kwamba chakula ni kitamu."

Swaumu alimfungulia barua zake.

*

Zilikuwa tisa, zote kutoka kwa dada yake Namsifu, na ya mwisho ilikuwa ya asubuhi hiyohiyo. Aliisikiliza amebanwa pembeni, sikio kwenye spika.

"Kaka, kama unasikia hii, sema neno. Kidonda cha Mama kimeingia ndani ya mguu. Sukari nayo imepanda. Daktari kasema kesho Ijumaa afanyiwe upasuaji hospitali kubwa mkoani, ikifika keshokutwa yeye asiulizwe. Mama hataki kutoka nyumbani. Anasema wewe uko njiani. Nimemsomea ujumbe wako wa Jumamosi, akanambia niutupe. Kigoda chako bado kipo juu chini. Gari la wagonjwa linapanda leo saa tatu, na dereva kasema saa nne na nusu anageuza, awe na mgonjwa au asiwe naye, maana kuna mama mjamzito bondeni anamngoja. Kaka, mimi sina nguvu za kumbeba mtu anayeshika nguzo ya nyumba. Tuma ujumbe mwingine. Sema umefika. Sema vizuri. Mimi najua dhambi yake, niachie mimi."

Eliakunda alitazama saa ya nyumbani iliyobandikwa ukutani. Saa mbili na dakika arobaini asubuhi.

Kwao ni Mamba, juu kwenye milima ya Upare, penye tangawizi na barabara inayopinda kama utumbo. Nyumba yao ilikuwa na sheria mbili za safari, na hakuna aliyewahi kuzivunja mbele ya Mama.

Ya kwanza ilitoka kwa bibi. Wawili wa nyumba moja hawawi kwenye njia mbili kwa wakati mmoja. Mmoja akiondoka, kigoda chake kinageuzwa juu chini karibu na jiko, na mpaka habari ya kufika kwake ije, wengine wanabaki. Safari ya Eliakunda ilimfunga Mama nyumbani miezi saba. Alikwenda shambani na kanisani, basi.

Ya pili aliitunga Mama mwenyewe. Eliakunda alikuwa na miaka tisa. Baba alipanda basi kwenda Tanga, na jioni karani wa mabasi akampigia simu mwenye duka pale kijijini: basi limefika salama, abiria wote wazima. Mama akasimamisha kigoda, akapika, akaimba. Karani alikuwa amesoma ratiba tu. Basi lilikuwa mtoni tangu saa sita mchana, na Baba ndani.

Tangu siku hiyo, ukifika mahali unamweleza Mama mambo manne. Umefika saa ngapi. Umefika na chombo gani. Nini kiliharibika njiani. Unafanya nini baada ya hapo. La tatu ndilo lililokuwa kubwa. "Safari isiyo na kasoro," Mama alikuwa akisema, "ni ya mtu ambaye hajasafiri." Eliakunda akiwa Dodoma kwenye visima aliwahi kuandika kwamba safari ilikuwa njema, basi. Mama akatuma mtu kumtafuta.

Mtambo ungeyajuaje hayo? Robo saa ya sauti yake ilikuwa habari za mpira.

*

"Naweza kukusaidia," Swaumu alisema. Alikuwa amesikia barua, chumba kile hakikuwa na siri, na sheria zote mbili Eliakunda alimweleza. "Mtangulizi ana nakala hapa kituoni. Umwambie kile mama yako anachotaka kusikia, ataandika."

"Ataandika nimefika?"

"Ataandika umefika, na kasoro ataweka. Tazama."

Aligonga vitufe. Maneno yakatoka kwa sauti ya Eliakunda mwenyewe, hata lile koo lake la vumbi la saruji:

"Mama, nimefika leo saa moja na robo asubuhi, saa za nyumbani. Tumeshuka na kile chombo kidogo, kinatikisa kama trekta. Mkanda wangu ulikatika kijino cha kufungia, nimeumia bega la kushoto. Chakula chao hakina chumvi. Kesho naanza kukagua pampu ya kisima cha kwanza. Nitakupigia Jumapili."

Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko vile ambavyo angesema mwenyewe. Mama angeiamini. Angeshuka kitandani, angepanda gari, angepona.

"Haya, ipitishe," Swaumu alisema kwa upole. "Bonyeza tu. Ni mguu wa mama yako, fundi."

Kidole kilifika kwenye kitufe. Kikakaa hapo.

"Dada Swaumu, kwa Mama nina kitu kimoja tu. Shule nimeacha darasa la sita. Pesa napata, inaisha. Lakini nikimwambia nimefika, nimefika. Nikimpa huu, na keshokutwa Sufuria ikatuunguza, atakuwa amedanganywa mara mbili na basi lilelile."

"Na asipokwenda?"

"Ndiyo maana kidole kipo hapa."

Eliakunda aliwaza hospitali, akawaza nguzo ya nyumba. Halafu akili yake, ambayo ilizoea kutafuta pampu imevujia wapi, ikaanza kuikagua sheria yenyewe ya bibi. Njiani ni wapi? Nani aliwahi kukwama?

Mjomba Kiondo! Mwaka wa mafuriko, daraja lilikatika, mjomba akakaa Mombo siku tisa, hakufika wala hakurudi. Na katika siku hizohizo bibi alikwenda kumzika dada yake kule Usangi. Watu walimuuliza, akajibu kwamba Kiondo hayuko njiani. Ametua mzigo, amepewa pa kulala, na anajua anangoja nini. Kigoda chake bibi hakukisimamisha; alikilaza ubavu.

Eliakunda aliondoa kidole.

"Futa huo wa mtambo. Nipe kinasa sauti. Nasema mwenyewe."

Swaumu alishusha sauti. "Kuna agizo. Mpaka mtue chini, abiria wasitume habari yoyote inayopingana na ujumbe wa Mtangulizi. Wanasema familia zitachanganyikiwa."

"Wewe kwenu walipata wa kwako?"

"Walipata. Mama yangu kaita watu, wamesoma dua ya shukrani. Mbuzi wawili." Akacheka, kisha machozi yakamlengalenga, na kwa kuwa hakuna uzito machozi hayakudondoka, yalimkaa machoni kama ute. Akayafuta kwa kiganja. "Mbuzi wawili, kaka, na mimi ninaelea huku juu."

Akafungua kinasa sauti. "Sema haraka. Maneno yanachukua dakika ishirini na moja kufika. Ni saa tatu na dakika nane."

*

"Mama, ni mimi Eliakunda. Sijafika.

"Ule ujumbe wa Jumamosi si wangu, ni wa mashine. Nilitia saini karatasi bila kusoma, kosa ni langu. Sikiliza sasa. Nipo juu ya Mirihi, kwenye kituo cha kungojea. Nimefika kituoni Ijumaa iliyopita, saa kumi na moja na nusu jioni, saa za nyumbani. Nimekuja na chombo kinaitwa Nyumbu Tatu, siku mia mbili na kumi na nne.

"Kasoro ni nyingi. Choo kiliziba mara sita, na mara zote sita niliitwa mimi. Jino la nyuma limeng'oka. Kutoka hapa kwenda chini kuna vumbi, chombo cha kushukia hakiwezi. Nahodha anasema siku kumi au kumi na mbili. Kazi yangu sasa ni kungoja, na nikishatua nitasema siku ileile. Kama hatutashuka nitasema vilevile.

"Mama, bibi alisema mjomba Kiondo alipokwama Mombo hakuwa njiani. Mimi nasema niko kama Kiondo. Lakini sheria ni yako, amua wewe. Dereva anageuza saa nne na nusu. Mguu ni wako pia."

Swaumu alituma. Saa tatu na dakika kumi.

Nyuma yao fungu la abiria lilikuwa limesikia yote. Mzee mmoja wa Songea akasema, "Na mimi naomba niseme kwamba sijafika." Kisha mwingine. Swaumu alitazama agizo la kampuni lililobandikwa juu ya kioo, akalibandua, akalikunja, akalisukumia mfukoni.

"Mmoja mmoja," alisema. "Saa, chombo, kasoro, hatua inayofuata. Wote mseme kama fundi."

Dakika ishirini na moja kwenda, dakika ishirini na moja kurudi, na katikati mwanamke wa miaka sabini na mitatu anayefikiri. Eliakunda alijishika kwenye bomba la hewa, macho kwenye saa. Kufunga boliti anajua, kufukua kisima anajua. Kungoja alikuwa hajawahi kufundishwa, hata na miezi saba.

Saa nne na dakika moja sauti ya Mama iliingia, kali kama tangawizi yake.

"Wewe mtoto! Nilijua yule si wewe. Wewe umesifia chakula cha nani tangu uzaliwe? Hata cha harusi yako ulisema wali mbichi. Nimesikia. Kiondo namkumbuka, na bibi yako namkumbuka kuliko wewe. Lakini umesahau kusema. Mzigo wako uko wapi? Umeutua, au umeukalia kama mtu anayengoja basi? Na pa kulala kakupa nani? Mtu hajipi mwenyewe pa kulala. Jibu hilo, kisha nitajua. Huyu dereva anapiga honi, nimemwambia apige mpaka ichoke."

"Mungu wangu," alisema Swaumu. "Dakika ishirini na tisa zimebaki, na ishirini na moja ni za njia."

Mzigo! Sanduku la spana lilikuwa bado limefungwa kwenye wavu karibu na mlango wa Sufuria, tangu Ijumaa, tayari kwa kushuka. Alikuwa amelikalia kama mtu anayengoja basi. Mama alikuwa amemwona kwa umbali wa kilomita milioni mia tatu na themanini.

Angeweza kusema nimeutua. Neno moja, na nani angejua?

Eliakunda alijirusha mlangoni, akapita ushoroba kichwa mbele, akagonga goti, akafungua wavu na kulivuta sanduku. Halina uzito lakini lina ubishi: ukilisukuma haliondoki, likiondoka halisimami. Lilimburuta hadi kwenye kibanda chake cha kulalia, likambana ukutani. Akalifunga chini ya kitanda kwa mikanda miwili. Akarudi anahema.

"Mama. Mzigo ulikuwa mlangoni, ulivyosema. Nimeutoa sasa hivi, nimeufunga chini ya kitanda, mikanda miwili. Kitanda kanipa msimamizi wa kituo, anaitwa Bwana Ntahondi, mtu wa Kasulu, kibanda namba kumi na saba. Nimeumia goti nikikimbiza sanduku. Basi."

"Saa nne na dakika sita," alisema Swaumu. "Utafika saa nne na ishirini na saba."

Dakika tatu. Dakika tatu za kuamua, kuachia nguzo, na kuingia garini.

Saa tano kasoro kumi na mbili kioo kilikuwa kimya. Saa tano kasoro tano, kimya. Swaumu alimpa mfuko wa chai. Hakuunywa. Saa tano kamili mzee wa Songea alianza kusema jambo, akaliacha.

*

Jibu lilikuja saa sita na dakika hamsini. Ilikuwa sauti ya Namsifu akicheka na kulia, kisha sauti ya Mama ikamnyang'anya simu.

"Eliakunda. Nimefika. Saa sita na nusu kasoro dakika moja mchana. Nimeletwa na gari la wagonjwa, jeupe, la betri, halina hata sauti ya kumwamsha mbuzi. Kasoro: huyu dereva anakata kona kama anakimbizwa, nimetapika mara mbili, na Namsifu kasahau kanga zangu. Tena yule mjamzito tumempitia bondeni, tumekaa naye kiti kimoja, kanishika mkono mpaka umekufa ganzi. Kesho saa mbili asubuhi nakatwa. Nikiamka nitasema. Nisipoamka atasema Namsifu, na usimruhusu apambe maneno. Kigoda chako nimekilaza ubavu. Changu kipo juu chini. Lala."

Watu walipiga makofi, na kwa kupiga makofi wakaelea ovyo, wakagongana. Eliakunda aliuficha uso kwenye kona ya kabati la nyaya.

Ijumaa saa nane mchana Namsifu alisema: vidole viwili vya mguu vimetolewa, mguu umebaki. Mama ameamka anadai chumvi.

Vumbi lilitulia siku ya kumi na moja, Mama akiwa ameshatoka hospitali na kurudi Mamba. Sufuria ilishuka na wote thelathini na mmoja, ikalambwa na moto, ikafungua mwavuli, ikawasha injini, ikakaa chini kwa kishindo cha gunia la mahindi. Eliakunda hakungoja hata kuvua kofia.

"Mama, nimefika. Jumatatu, saa tisa na dakika ishirini alasiri, saa za nyumbani. Nimeshuka na Sufuria. Kasoro: nimetapika mara moja, wewe bado unaongoza. Uzito umerudi, miguu inatetemeka kama ya ndama. Leo nalala, kesho daktari ananipima, keshokutwa nakwenda kisima namba mbili, pampu yake inavuja. Nitasema tena Jumapili baada ya ibada yenu."

Dakika ishirini na moja kwenda, dakika ishirini na moja kurudi. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye sanduku lake la spana, na safari hii hakutazama saa.

Kilichokuja hakikuwa na maneno kwanza. Kilikuwa mlio wa mti ukigonga sakafu ya udongo: kigoda kinasimamishwa. Kisha pumzi ndefu ya Mama.

"Haya," alisema. "Kimekaa. Na wewe kaa."